Mara tatu, kisha mara kumi: siku laini yangu iliponidai PUK

Laini yangu niliifunga kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa kitandani, simu ina chaji na mtandao umejaa. Hakuna mwizi aliyehusika, wala mtoto aliyechezea simu. Kama dakika tatu tu baada ya kuanza kazi niliyodhani ni ya kujilinda, simu ilikuwa inanidai PUK, na mimi PUK nilikuwa naijua kwa jina tu, kama mtu anavyolijua jina la ugonjwa ambao haujafika kwao.

Kilichonipeleka huko ni wizi wa miezi michache nyuma. Simu yangu ya awali iliibwa ikiwa imefungwa kwa mchoro, nami nikajipa moyo kwamba aliyeichukua ameambulia kioo na betri. Sikuwaza kuhusu laini. Mchoro, alama ya kidole, sura, vyote hivyo vinalinda simu, haviilindi laini. Aliyeniibia alichofanya ni kutoboa kile kitundu cha pembeni kwa pini, akaitoa laini na kuipachika kwenye simu nyingine. Pale pale namba yangu ikawa hewani mikononi mwake. Kisha akaenda kwenye barua pepe yangu, akabonyeza sehemu ya waliosahau nywila, na ile meseji yenye tarakimu za kuthibitisha ikamfikia yeye. Nilipofika kuripoti ili laini ifungwe, nilikuwa nimeshatolewa kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Kuirudisha kulinichukua siku nyingi, na hadithi hiyo ina hasira zake ambazo sitaziingiza hapa.

Nilirudishiwa namba yangu kwenye laini mpya. Wiki kadhaa baadaye, rafiki mmoja anayetengeneza simu akaniuliza, "Na hii umeiwekea namba ya siri?" Nikamwambia ndiyo, simu ina alama ya kidole. Akacheka. "Sijauliza simu. Nimeuliza laini."

Nadhani lugha yetu ndiyo inayotuponza kidogo hapa. Namba ya kufungulia simu tunaiita namba ya siri. Namba ya kutolea pesa tunaiita namba ya siri. Na hii ya tatu, inayokaa ndani ya laini yenyewe, nayo tunaiita namba ya siri, tena wengi wetu hata hatujui kama ipo. Ni namba tatu tofauti, zinakaa mahali patatu tofauti, na hakuna hata moja inayoijua mwenzake. Ya laini ndiyo inayoitwa PIN ya SIM kwenye kioo. Huwa na tarakimu 4 hadi 8, na inahifadhiwa na kile kijikadi, si na simu. Ndiyo maana ukiihamishia laini kwenye simu yoyote ile, PIN inahama nayo. Angekuta ameombwa PIN, yule mwizi wangu asingepata meseji hata moja, kwa sababu laini iliyofungwa haijisajili kwenye mtandao mpaka PIN sahihi iingizwe.

Basi jioni hiyo nikaamua kuifunga. Kwenye simu yangu nilienda kwenye mipangilio, nikaingia sehemu ya usalama, nikashuka hadi kwenye mipangilio ya ziada, nikaikuta `SIM card lock`. Ndani yake kulikuwa na swichi ya `Lock SIM card`, na chini yake `Change SIM PIN`, ambayo ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Simu nyingine huyapanga majina haya tofauti kidogo. Kwenye aifoni, kwa mfano, utaikuta `SIM PIN` ndani ya sehemu ya mtandao wa simu. Nikawasha swichi. Kikatokea kisanduku kinachosema niingize PIN ya SIM.

Hapo ndipo nilipokosea, na nimekuja kugundua kwamba wengi hukosea papo hapo. Mimi nilisoma kile kisanduku kama mwaliko: chagua namba unayoitaka. Ndivyo inavyokuwa unapoweka namba ya kufungulia simu, unachagua, unarudia, mambo yamekwisha. Kumbe laini haifanyi hivyo. Laini inatoka kiwandani ikiwa tayari na PIN yake, hata kama kufuli halijawashwa. Unapowasha kufuli, laini inataka kwanza uitaje PIN iliyomo, kama mlinzi anayekuuliza jina la mwenye nyumba kabla hujaruhusiwa kubadilisha komeo. Kubadilisha kunakuja baadaye, kufuli likishawaka. Ndiyo sababu `Change SIM PIN` ilikuwa imefifia.

Nikaandika namba niliyoitamani. Ikakataa. Nikadhani kidole kimeteleza, nikaandika tena namba ile ile, taratibu, tarakimu moja moja. Ikakataa. Maandishi madogo yalikuwa yameshaniambia kwamba nimebakiwa na jaribio moja, lakini macho yangu yaliyaona bila kuyasoma, si unajua vile mtu anavyobonyeza sawa, sawa, sawa ili kitu kimwondokee? Mara ya tatu nikabadilisha, nikaweka namba ninayofungulia simu, kwa mawazo kwamba labda ndiyo inayotakiwa.

Kisanduku kikafungika. Nikaizima simu na kuiwasha. Vijiti vya mtandao vikawa vimepotea, na kioo kizima kikawa kinaniomba PUK.

Niseme wazi kilichotokea ndani ya kile kijikadi, kwa sababu nikikijua mapema ningeokoa usiku mzima. Laini ina kihesabio. Ukikosea PIN mara 3 mfululizo, PIN inafungwa, na kuanzia hapo hata ukiikumbuka PIN sahihi haitakusaidia. Kinachofungua ni PUK peke yake, namba ya tarakimu 8 iliyopangwa na kampuni ya simu kwa ajili ya laini hiyo moja. PUK huichagui wala huwezi kuibadilisha. Nayo ina kihesabio chake: mara 10. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa moja kwa moja, hakuna fundi wala programu itakayoifufua. Namba yako ya simu haifi, kampuni inaweza kuihamishia kwenye laini nyingine, lakini kile kijikadi ni cha kutupa, na kama ulikuwa umehifadhi majina ya watu ndani yake, yameenda nacho.

Na vihesabio hivyo vimo ndani ya laini. Hili nililithibitisha kwa ujinga wangu. Niliitoa nikaipachika kwenye simu ndogo ya vitufe ya mama, nikiamini kwamba simu ngeni itaanza kuhesabu upya. Ikaandika vile vile: PUK. Nikaitoa betri, nikasubiri, nikairudisha. PUK. Kuzima, kuwasha, kuhamisha, kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani, hakuna hata kimoja kinachogusa kihesabio. Hilo la mwisho namshukuru Mungu sikulijaribu, maana ningefuta picha zangu zote na laini ingebaki imenuna vile vile. Kinachorudisha hesabu mwanzo ni kitu kimoja tu, kuingiza namba iliyo sahihi.

Mama alikuwa amekaa pembeni ananitazama nikihangaika na simu yake. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe si ulikuwa unaogopa mwizi? Sasa mwizi nani?"

Nikakumbuka ile plastiki, yaani ile kadi ya ukubwa wa kitambulisho ambayo laini hubanduliwa siku ya kwanza, inabaki na tundu katikati. Watu wengi huitupa siku hiyo hiyo. Mimi huwa situpi kitu, tabia inayowaudhi wote ninaoishi nao, na mara hii ikaniokoa, ila baada ya kunitia hatarini kwanza. Kwenye droo nilizikuta plastiki mbili zinazofanana kama mapacha: ya laini iliyoibwa na ya hii mpya. Kampuni ile ile, rangi ile ile, na kwa kuwa namba yangu ya simu ilikuwa ile ile, nilidhani hazina tofauti. Namba moja, PUK moja, si ndivyo?

Sivyo. PUK inafuata kijikadi, haifuati namba ya simu. Ukirudishiwa namba yako kwenye laini mpya, umepata PIN mpya ya kiwandani na PUK mpya, na plastiki ya zamani imegeuka takataka. Mimi nikachukua plastiki iliyokuwa juu, nikakwangua sehemu iliyofunikwa, nikaingiza tarakimu zote 8. Ikakataa. Nikazisoma tena, nikahisi huenda ile 6 ni 8, nikaingiza tena. Ikakataa, na safari hii niliyasoma maandishi madogo: zimebaki mara 8.

Nikaiweka simu chini. Katika usiku mzima ule, hilo ndilo jambo la akili nililolifanya. Watu ninaowajua walioziua laini zao hawakuziua kwa kutojua PUK, waliziua kwa kubahatisha. Tarakimu 8 zinatoa namba milioni 100 tofauti. Majaribio 10 kati ya hizo si bahati, ni kutupa jiwe baharini ukitarajia limpige samaki fulani. Mtu asiye na PUK iliyoandikwa mbele yake hana sababu ya kuandika chochote pale, wala tarehe ya kuzaliwa, wala sifuri nane. Binamu yangu mmoja aliweka sifuri nane kwa sababu aliambiwa na mwenzake kwamba "simu zote hufunguka hivyo". Huo ni mkanganyiko na PIN, ambayo kweli kwa laini nyingi huanza ikiwa 0000 au 1234. PUK haina namba ya mazoea kama hiyo.

Asubuhi yake rafiki yangu fundi aliniambia kwa simu, nikiwa nimeazima ya mama: "Usiangalie rangi ya plastiki. Angalia namba ndefu." Ukiitoa laini ukaigeuza upande usio na dhahabu, kuna tarakimu zimechapwa, ndogo kama mayai ya chawa. Hiyo ni namba ya kijikadi chenyewe, si namba yako ya simu. Ikiandikwa kamili huwa na tarakimu 19 au 20 na huanza na 89. Kwenye kioo cha simu, sehemu ya taarifa za simu, huitwa `ICCID`. Namba hiyo hiyo imechapwa kwenye plastiki, kwa kawaida karibu na mistari ile ya kusomwa na mashine. Tarakimu za mwanzo zitafanana kwa laini zote za kampuni moja, kwa hiyo hazikusaidii kitu. Za mwisho ndizo zinazotofautisha.

Kwa macho sikuziona. Nikaiweka laini kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha, nikaipiga picha kwa simu yangu, ambayo ilikuwa inafanya kazi vizuri tu bila laini, kisha nikaivuta picha ikawa kubwa. Tarakimu nne za mwisho zikasomeka. Nikazilinganisha na plastiki ya kwanza, ile niliyoihangaikia usiku: hazikufanana hata moja. Plastiki ya pili: zote nne zilikuwa zile zile, kwa mpangilio ule ule.

Nikairudisha laini, nikaomba kimya kimya, nikaingiza PUK ya plastiki ya pili. Simu ikaomba PIN mpya. Nikaandika tarakimu 4 nilizoziandika kwanza kwenye karatasi, ikataka nizirudie, nikazirudia. Sekunde chache zikapita kioo kikiwa kimya, kisha vijiti vya mtandao vikajitokeza kimoja kimoja na meseji za tangu jana zikaanza kumiminika, nyingine za watu walioniuliza kwa nini nawazimia simu.

Zingatia kitu kimoja: ukishapita PUK, huhitaji kuijua PIN ya zamani. Unaunda mpya hapo hapo, kufuli linabaki limewashwa, na vihesabio vyote viwili vinarudi mwanzo, 3 na 10. Yale majaribio mawili niliyoyapoteza kwa plastiki isiyo yake yalifutika.

Kwenye simu ya vitufe ambayo haikupi visanduku vya kujaza, au kama kioo kinakusumbua, kazi hiyo hiyo hufanyika kwa kupiga msimbo. Tuseme PUK ni 12345678 na PIN unayoitaka ni 4826, utaandika:

```
**05*12345678*4826*4826#
```

Hubonyezi kitufe cha kupigia. Ukimaliza alama ya reli ya mwisho, simu inatekeleza yenyewe. PIN mpya inaandikwa mara mbili, na zisipofanana inakataa. Kwa hiyo kabla ya ile alama ya mwisho pitisha macho tena kwenye PUK, tarakimu kwa tarakimu. Na kama laini haijafika kwenye PUK, kufuli limewashwa na unataka tu kubadilisha PIN unayoijua, msimbo ni huu, PIN ya zamani ikitangulia:

```
**04*0000*4826*4826#
```

Sasa, mtu ambaye plastiki ameshaitupa afanye nini? Mama yangu ni mmoja wao. PUK ipo kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, na wanaweza kumpa mwenye laini akishathibitisha kwamba ndiye. Hupigi kwa laini iliyofungwa, bila shaka, unaazima simu au unaenda mwenyewe na kitambulisho ulichosajilia. Kampuni nyingine huionyesha PUK ndani ya programu yao au kwenye akaunti ya mteja mtandaoni. Kama simu yako imeganda kwenye skrini ya PUK na haikuruhusu kupita, itoe laini. Simu itafunguka kama kawaida na utaweza kutumia waifai. Jambo la kuangalia ni usajili. Kama laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mjomba aliyekusaidia zamani, mwajiri, mchumba wa wakati ule, basi PUK ni yake, na ndiye atakayetakiwa kujitambulisha. Ya mama ilikuwa kwa jina lake, tukaipata na kuiandika ikiwa bado haihitajiki, nadhani huo ndio wakati bora wa kuiomba.

Laini za kielektroniki, zile zisizo na kijikadi cha kushika, nazo zina PIN na PUK. Hazina plastiki, kwa hiyo PUK utaitafuta kwenye karatasi au barua uliyopewa wakati wa kuiweka, la sivyo kwa kampuni.

Tangu siku ile nimefunga laini za watu wengi wa karibu, na mpangilio wangu haubadiliki. Kwanza naitafuta plastiki na kulinganisha tarakimu za mwisho. Pili naiandika PUK kwenye daftari la nyumbani, pembeni yake zile tarakimu nne za mwisho za kijikadi, si jina la mtu wala namba yake ya simu. Hayo yakiwa tayari ndipo nagusa swichi, naweka PIN ya kiwandani iliyoandikwa kwenye plastiki, na ikikataa mara moja nasimama. Sijaribu ya pili kwa kubahatisha, maana huenda mtu alishaibadilisha miaka iliyopita akasahau. Nikikwama hapo nakwenda kwa PUK kwa hiari yangu, kwa ule msimbo wa kwanza, nikiwa na namba sahihi mkononi. Kufuli likikubali kuwaka, naibadilisha PIN saa hiyo hiyo. Kuacha 0000 ni sawa na kufunga mlango na kuuacha ufunguo kwenye kitasa, mwizi yeyote anayeijua kazi yake ataanza na 0000 na 1234. PIN ya tarakimu 4 ina namba 10,000 zinazowezekana, na yeye ana majaribio 3. Ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, umempunguzia kazi sana.

Plastiki yenyewe nawaomba watu waitoe nyuma ya kava la simu. Sijui nani alianzisha mtindo wa kuichomeka pale, lakini nimeikuta kwa watu wanne sasa. Simu ikiibwa, laini na PUK yake vimeondoka pamoja, na kufuli halina maana tena.

Kuna kero moja ambayo hakuna aliyenionya. PIN huombwa simu inapowashwa au laini inapotolewa na kurudishwa, si kila unapofungua kioo, kwa hiyo kwa kawaida hata huikumbuki. Usiku mmoja simu yangu ilijizima na kujiwasha yenyewe baada ya kupokea maboresho. Ikakaa mezani mpaka asubuhi ikisubiri PIN, na mimi nimelala. Watu walinipigia, wakaambiwa sipatikani. Siku hizi nimezima maboresho ya usiku, nayaanzisha mwenyewe mchana.

Na kufuli hili lina mpaka wake. Simu ikinyakuliwa ikiwa imewaka na mwizi asiitoe laini, PIN haitaombwa. Simu na meseji zitaendelea kuingia, na kama kioo chako kinaonyesha maneno ya meseji hata kikiwa kimefungwa, tarakimu za kuthibitisha atazisoma bila kufungua chochote. Hilo linazuiwa kwenye mipangilio ya arifa, kwa kuficha maudhui kwenye skrini iliyofungwa. Halizuii pia mtu anayejifanya wewe mbele ya kampuni ya simu akaomba namba yako iwekwe kwenye laini yake, kwa sababu huyo haigusi laini yako kabisa. Kwa hiyo simu ikiibwa, bado nitakimbilia kuripoti laini ifungwe. PIN inanipa muda wa kufika tu.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia kwa simu ya mkewe. Hata salamu hakumaliza.

"Dada, simu inaniomba PUK."

"Umeshaweka chochote?"

"Nimejaribu kidogo."

"Kidogo ni ngapi? Soma maandishi, zimebaki mara ngapi?"

Kimya. "Sita."

"Usiguse kitu tena. Itoe laini."

Nikasikia droo zikivutwa, mtu akitafuta pini, wifi akiulizwa hereni zake zilipo. Mimi nikawa nimeshalifungua daftari. Nilipomwambia anisomee namba ya nyuma akalalamika kwamba haionekani, nikamwambia aiweke kwenye kitu cheupe, aipige picha kwa simu hiyo hiyo anayoongelea, aivute. Ikapita kama dakika nzima.

"Nne za mwisho," nikamwambia. "Taratibu."

Akanisomea. Nikashusha kidole kwenye daftari mpaka mstari wa tano, nikakuta zimo.